Usinioneshe uso wa lenzi, nioneshe kitako!

Jamani wadau, leo nina hasira. Rafiki yangu mmoja wa Pugu Kajiungeni, anayepiga picha za harusi na kipaimara, ametuma shilingi 150,000 kwa simu kununua lenzi. Muuzaji alimtumia picha moja, kioo cha mbele kinang'aa, pembeni pameandikwa Canon, 50mm, 1:1.8. Kamera yake ni Canon EOS ya dijitali, kwa hiyo akaona hakuna la kuuliza. Zile herufi mbili, FD, alidhani ni mbwembwe za kiwanda. Mzigo ulipofika haukuingia kwenye kamera, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Watu wamemcheka. Mimi nasema kosa ni la desturi yetu ya kuuziana lenzi kwa sura. Jina la mbele halikwambii lenzi inafungwaje. Canon wenyewe walianza mfumo wa FD mwaka 1971, kisha mwaka 1987 walipoleta kamera za EOS wakaja na mfumo mpya kabisa wa EF. Jina likabaki lile lile, lakini kitako kikawa kingine. Lenzi za Vivitar au Tamron ndiyo kabisa, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya kamera za makampuni mengi.

Picha ya kitako ingemaliza kesi kwa nusu dakika. Kitako cha EF kina mstari wa vidoti vya dhahabu vya kupitishia umeme, na hakuna chuma kinachochezacheza, kwa kuwa kamera huamrisha tundu la mwanga kwa umeme. Kitako cha FD hakina kidoti hata kimoja. Kina vijiti vya chuma vilivyochomoza, ambavyo kamera ya zamani ilivisukuma ili kufungua na kufunga tundu hilo. Ukiona vijiti na huoni dhahabu, basi hiyo si ya EOS, hata kama imeandikwa Canon mara kumi.

"Si atafute adapta?" Hapo ndipo wajuaji wanapompoteza mtu mara ya pili. Lenzi ya FD imeundwa ikae milimita 42 kutoka kwenye filamu. Kwenye EOS, ringi ya kufungia lenzi iko milimita 44 mbele ya sensa. Tayari lenzi imesogea mbele milimita 2 zaidi ya inavyotakiwa. Kwa lenzi ya 50mm, hata adapta ingekuwa nyembamba kama karatasi, kitu cha mbali kabisa kitakachotoka safi kitakuwa kwenye mita 1.3 hivi. Utapata uso wa bibi harusi ukiwa umemsogelea puani, lakini meza kuu itakuwa ukungu mtupu. Zipo adapta zenye kioo ndani kinachorekebisha hilo, ila kioo hicho hula ubora wa picha. FD inafaa zaidi kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi, mfano Canon RF yenye milimita 20, maana hapo adapta ina nafasi ya kukaa.

Sasa angalieni kichekesho. Lenzi ya Kirusi ya Helios yenye kitako cha M42, yaani chenye nyuzi za kuzungusha kama mfuniko wa chupa, inakaa EOS kwa adapta ya kawaida na inaona hadi mbali kabisa, kwa sababu yenyewe inahitaji takriban milimita 45.5. Mgeni anaingia, ndugu wa damu anabaki nje!

Kwa hiyo kabla ya kutuma hela, dai picha moja: mfuniko wa nyuma umetolewa, kamera iko wima juu ya kitako, na rula imelazwa pembeni usawa wa ringi. Anza kwa kuuliza: ni nyuzi au mabawa? Kama ni mabawa, tafuta dhahabu na vijiti. Kama ni nyuzi, pima upana. Ukipata milimita 42 usishangilie bado, kwa sababu kitako cha T nacho kina upana huo huo ila nyuzi zake zimebanana zaidi. Ndani ya milimita 3 za kina, M42 ina nyuzi 3 na T ina 4. Picha ikiwa hafifu huwezi kuzihesabu, basi dai nyingine.

Muuzaji akisema hana muda wa kugeuza lenzi, na wewe usiwe na muda wa kutuma hela. Rafiki yangu aliazima lenzi, harusi ikapita. Ile FD iko kabatini, inashikilia karatasi zisipeperuke.

Nawakilisha.