Meseji Kukaa Chini ya Jina la Benki Si Ushahidi

Ndugu zetu, ushauri unaozunguka kwenye magrupu yetu ni huu: ukipata meseji ya benki na ukaona iko pale pale zilipo meseji zake za zamani, basi ni ya kweli. Sisi tunasema ushauri huo umeshawamaliza watu.

Simu haijui benki. Meseji ikiingia, simu inatazama tu kilichoandikwa sehemu ya mtumaji, namba au jina. Kikifanana na cha zamani, inaipanga humo humo. Mfumo wa meseji za kawaida uliundwa bila simu yako kuwa na njia ya kuhakiki nani hasa ameandika. Tapeli akifaulu kughushi sehemu hiyo, meseji yake inakaa chini ya ile halali ya mshahara wa Ijumaa iliyopita.

Mfano mkubwa ni Singapore, Desemba 2021. Wateja wa benki ya OCBC walipata meseji za uongo ndani ya mlolongo ule ule wa benki yao. Wateja kama 790 walipoteza dola milioni 13.7 za kule. Hawakuwa wajinga. Walitazama jina, na jina lilikuwa sahihi.

Hapa Marekani kuna tofauti moja ya kujua. Nyumbani na kule Ghuba tumezoea mtumaji wa herufi, kama MPESA. Mitandao ya hapa haipitishi majina ya herufi namna hiyo, kwa hiyo benki nyingi hutumia namba fupi za tarakimu 5 au 6. Namba fupi hukodishwa baada ya ukaguzi, na kuighushi ni kazi ngumu kuliko namba ya tarakimu 10. Kwa hiyo "benki" inayokuandikia kwa namba ndefu ya kawaida itilie shaka mara moja. Lakini namba fupi nayo usiifanye cheti.

Tuchukue kisa cha dada mmoja wa hapa Cedar Hill anayetunza wazee. Chini ya meseji za benki yake ilitokea hii:

```
Did you attempt a Zelle payment of $1,450? Reply YES or NO
```

Haikuwa na linki wala haikuomba namba ya siri. Akajibu NO. Dakika chache baadaye simu ikaita, kwenye kioo namba ya benki, maana hata namba ya anayepiga hughushiwa. Mtu mpole akamwambia: "Tuzuie huyu mwizi. Nisomee namba za uthibitisho zinazoingia sasa hivi, halafu jirudishie pesa kwa kujitumia Zelle kwenye namba yako mwenyewe." Zile namba za uthibitisho ndizo zilizomwezesha tapeli kuisajili namba ya simu ya dada kwenye akaunti yake yeye. Dada akadhani anajitumia. Kodi ya nyumba na mabati ya mama yake vikaondoka, na benki ikamwambia, "Umetuma mwenyewe."

Angeokoka wapi? Si kwa kuikagua meseji, maana haikuwa na kosa. Angeokoka kwa kukata simu na kupiga namba iliyo nyuma ya kadi yake, au kufungua app ya benki mwenyewe. Kama kweli kuna malipo ya $1,450, utayaona humo. Usipoyaona, hakuna cha "kurudisha".

Umeme ni hivyo hivyo. Hapa Cedar Hill nyaya ni za Oncor, lakini bili inatoka kwa kampuni uliyoichagua mwenyewe. Sheria ya Texas inataka notisi ya maandishi siku 10 kabla ya kukatiwa kwa deni. Meseji inayosema "lipa ndani ya dakika 30 la sivyo tunakata" imejifichua yenyewe, hata ikikaa chini ya bili zako zote za mwaka jana. Chukua bili uliyonayo, piga namba iliyo juu yake.

Kwa hiyo msimamo wetu ni mmoja. Acheni kuuliza "hii meseji ni ya kweli?" Ulizeni "inataka nifanye nini?" Ikikuarifu tu, sawa. Ikitaka ubonyeze, ujibu, usome namba au utume pesa, iache hapo, uingie kwa mlango wako mwenyewe: app, kadi, bili. Yenyewe ipeleke 7726, namba ya mitandao ya simu ya kuripoti utapeli.

Na kama pesa imeshatoka, piga benki usiku huo huo. Usisubiri mapumziko ya kazini kesho.