Stakabadhi Isiyokuwepo Isizuliwe

Mtumishi aliyesafiri kwa kazi ya umma akatumia fedha zake mfukoni ana haki ya kurudishiwa. Hata hivyo madai mengi ya namna hiyo hukwama mezani kwa mhasibu, na jalada hurudi na maneno mawili tu: hakuna stakabadhi. Twaona kwamba maneno hayo yanachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, na mchanganyiko huo ndio unaowasukuma watu waaminifu kwenye udanganyifu.

Tuchukue mfano wa bwana afya anayetoka Mwanza kwenda kisiwa cha Irugwa, Ukerewe. Tuseme nauli ya meli hadi Nansio ni shilingi 10,000 kwenda na 10,000 kurudi. Pikipiki za kumfikisha mwaloni na kumrudisha ni 12,000, mtumbwi wa mashine 60,000, na kudurufu fomu dukani 8,000. Jumla ni shilingi 100,000. Posho ya kujikimu haimo humo, kwa kuwa hiyo hulipwa kwa kiwango cha siku wala haidaiwi kwa stakabadhi za chakula.

Arudipo, anayo tiketi ya kwenda na risiti ya kudurufu, yaani vielelezo vya shilingi 18,000. Tiketi ya kurudi, shilingi 10,000, imepotea. Shilingi 72,000 zilizobaki ni za pikipiki na mtumbwi, ambazo tangu mwanzo hazikuwa na stakabadhi yoyote.

Iliyopotea ina ushahidi mahali fulani. Kishina cha tiketi au orodha ya abiria imo kwa mwenye chombo, naye aweza kuombwa barua ya kuthibitisha safari ile. Isiyowahi kuwepo haina pa kutafutwa, hiyo huelezwa. Maelezo yenye uzito hutaja tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi kilicholipwa, jina na simu ya aliyelipwa, na sababu ya kukosekana stakabadhi. Kisha huthibitishwa na saini na mhuri wa mtendaji wa kijiji, na kuambatishwa nakala ya ukurasa wa kitabu cha wageni alichotia saini huko. Iwapo malipo yalifanywa kwa simu, ujumbe wake nao uambatishwe. Jambo la busara ni kuyaandika hayo palepale kisiwani, maana mhuri wa mtendaji hauwezi kufuatwa Irugwa baada ya mwezi mmoja.

Kadhalika orodha ya madai iwe na mistari mitano kwa mpangilio wa tarehe, kila mstari na namba ya kielelezo chake. Pasipo kielelezo paandikwe wazi "angalia maelezo". Risiti za mashine za kielektroniki, zilizoanza kutumika nchini 2010, zina tatizo lake: karatasi yake hufifia kwa joto na jua. Idurufiwe siku ileile, na namba ya uhakiki iliyochapwa juu yake isomeke, kwani kwa namba hiyo mhasibu aweza kuithibitisha risiti Mamlaka ya Mapato.

Mhasibu akiyakataa maelezo ya namna hii, mtumishi hufanya nini? Hutafuta kitabu cha stakabadhi tupu, akajaziwa shilingi 72,000 kwa jina la mwenye mtumbwi asiyejua hata kuwa ana kitabu. Jalada hupita. Lakini mkaguzi ajapo, huona stakabadhi namba 41, 42 na 43 za kitabu kimoja zikidai siku tatu tofauti katika sehemu mbili, zote kwa mwandiko mmoja. Hapo fedha zilizotumika kihalali hugeuka kuwa hasara ya kukatwa mshahara, na mtu aliyefanya kazi yake vema huitwa mwizi.

Hatusemi mhasibu afumbe macho. Yeye ndiye atakayeulizwa, na maelezo matupu yasiyo na jina wala mhuri ayakatae. Tunachotaka ni kila ofisi itoe waraka unaotaja safari zisizo na stakabadhi katika eneo lake, kama mitumbwi na pikipiki, kiwango cha juu kinachokubalika kwa kila moja, na nani athibitishe. Bei za mitumbwi ya Ukerewe si siri. Zaweza kuulizwa kwa watendaji na kuandikwa kabla mtu hajasafiri.

Mtumishi naye awasilishe madai yake mara arudipo, akiorodhesha alichonacho na kukiri asichonacho. Pengo lililoelezwa ukweli laweza kupimwa na mkaguzi. Pengo lililozibwa kwa karatasi ya uongo huziharibu hata zile shilingi 18,000 zilizokuwa na vielelezo halali.