Grupu la wazazi: Funga mlango kabla ya kufunga midomo

Karibu kila darasa sasa lina grupu la wazazi la WhatsApp. Humo ndimo linatoka tangazo la kikao, orodha ya madaftari, na pia habari za afya: nani ana homa, nani ametapika darasani, nani amelazwa. Na karibu kila grupu lina admini aliyechoka. Akichoshwa na salamu za asubuhi na video za vichekesho, anaingia kwenye mipangilio na kuzuia watu wasiandike. Grupu linakuwa kimya, naye anaamini sasa liko salama.

Mara nyingi amefunga kitu kisicho na hatari kubwa na kuacha wazi chenye hatari. Kuandika ni mdomo wa grupu. Kuingiza watu ni mlango wake. Mwizi haji kwa mdomo, anapita mlangoni.

Ukianzisha grupu la WhatsApp bila kugusa chochote, kila mwanachama anaweza kuandika, kila mwanachama anaweza kuongeza mtu mwingine, na kila mwanachama anaweza kubadilisha jina, picha na maelezo ya grupu. Kwa grupu la ndugu wanane hilo halina shida. Kwa wazazi 50, ambao wengi hawajuani hata kwa sura, ni nyumba ambayo kila mpangaji ana ufunguo na anaweza kuuchonga upya kwa rafiki yake.

Mgeni anavyoingia

Tuchukue mfano. Grupu linaitwa "Wazazi Darasa la Tatu", lina watu 52. Mzazi mmoja, kwa nia njema, anaichukua linki ya kujiunga na kuiweka kwenye grupu la mtaa ili jirani yake aione. Linki ile haina jina la mtu wala haiishi muda. Yeyote atakayeibonyeza anaingia, leo au mwezi ujao.

Ijumaa usiku namba ngeni inaingia. Katikati ya grupu yanatokea maandishi madogo ya kijivu yanayosema namba hiyo imejiunga kwa linki. Hakuna anayeyasoma. Mgeni haandiki neno. Kwa kawaida hawezi kuona meseji zilizoandikwa kabla hajaingia, lakini namba za simu za wazazi wote 52 anaziona, na kila kitakachoandikwa kuanzia hapo atakisoma.

Jumatano mtoto mmoja analazwa kwa malaria kali. Mama yake anaomba dua kwenye grupu, anataja hospitali na wodi. Wazazi wanampa pole na kukubaliana kuchanga. Sasa mgeni ana kila anachohitaji: jina la mtoto, mahali alipo, na watu walio tayari kutoa. Anabadilisha picha yake na kuweka ya mwalimu wa darasa, anajiita "Mwl. wa Darasa", kisha anaandika: "Ndugu wazazi, nipo hospitali hapa na mama. Michango itumwe kwenye namba hii." Ni ile ile "pesa tuma kwenye namba hii" tunayoijua Watanzania wote, ila safari hii imevaa sura ya mwalimu na inataja mtoto halisi. Wazazi 15 wakituma Sh10,000 kila mmoja, Sh150,000 zimekwenda kabla mwalimu wa kweli hajashika simu.

Pesa si hasara pekee. Mtu huyo anaweza pia kumpigia mama aliyekaa kitandani kwa mtoto, akajiita daktari na kudai fedha za dawa. Mama aliyechanganyikiwa usiku wa manane, akitajiwa jina la mwanawe na namba ya wodi, ataanzaje kuwa na shaka?

Kuna alama moja ambayo ingewastua. Mtu ambaye hujamhifadhi kwenye simu yako, jina lake kwenye grupu hutanguliwa na kimstari cha mawimbi, hivi: ~. Maana yake ni kwamba jina hilo amejipa mwenyewe. Mwalimu uliyemhifadhi haji na alama hiyo. Ukiiona mbele ya jina unalolifahamu, gusa jina, tazama namba, linganisha na uliyonayo.

Namna ya kufunga mlango

Kazi hii hufanywa na admini, na haizidi dakika tano. Fungua grupu, gusa jina lake juu ya skrini, shuka hadi palipoandikwa "Group permissions". Maneno hutofautiana kidogo kulingana na toleo la simu yako, lakini mpangilio ni huo.

Anza na "Add other members". Izime, ili admini pekee ndiye aongeze watu. Kama kuna sehemu ya kuruhusu wanachama kualika kwa linki, izime pia.

Kisha shuka chini, washa "Approve new members". Hii ndiyo kitasa chenyewe. Kuanzia hapo, mtu akibonyeza linki haingii moja kwa moja, bali ombi lake linasubiri admini alikubali au alikatae. Hapo admini aulize swali moja tu: "Wewe ni mzazi wa nani?" Akijibu, jina la mtoto lilinganishwe na orodha ya darasa kwa mwalimu. Asiyejibu abaki nje.

Lakini kuwasha kitasa hakumtoi aliyekwisha kuingia, wala hakuifuti linki iliyosambaa mitaani. Kwa hiyo fungua sehemu ya kualika kwa linki, chagua "Reset link". Linki ya zamani inakufa papo hapo, popote ilipo. Baada ya hapo pitia orodha ya wanachama, namba moja moja, ukiwa na orodha ya darasa mkononi. Usiyemtambua muulize, asipojulikana mtoe. Fahamu tu kwamba ukimtoa, meseji alizokwisha kuzipokea zinabaki kwenye simu yake.

La mwisho kwenye mlango ni "Edit group settings". Wengi hulipuuza kwa kuwa wanadhani linahusu jina na picha tu. Linahusu pia maelezo ya grupu, na magrupu mengi huandika hapo namba ya mweka hazina ya kutumia michango. Ikiwa kila mtu anaweza kuhariri, mgeni wetu hana haja hata ya kujifanya mwalimu. Anabadilisha tarakimu za namba ile, na mzazi atakayeiangalia wiki ijayo atatuma pesa kwa imani. Zima hiyo pia, abaki admini.

Mdomo ufungwe lini?

Sasa turudi kwa "Send new messages", ambayo kwenye matoleo ya zamani husomeka "Send messages". Ukiizima, admini pekee ndiye anayeandika, wengine wanasoma.

Kwa ninavyoona kama mwandishi wa habari za afya, grupu la darasa lisiwe hivyo siku zote. Kumbuka Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam. Ugonjwa wa namna hiyo huhama kwa mikono na taulo, na darasani huruka dawati hadi dawati. Mama akiandika saa mbili usiku, "Wangu ameamka na macho mekundu, kuna mwingine?" na wengine watatu wakajibu "wangu pia", mwalimu amejua kabla ya kengele ya asubuhi, na wazazi wanaweza kuwabakiza wagonjwa nyumbani. Grupu likiwa limefungwa, mama huyo atamwandikia admini pembeni. Admini akiwa amelala, watoto wote wanne wataingia darasani.

Lakini kuna saa ambayo kufunga kunafaa. Grupu hilo hilo, usiku huo huo, mtu anaweza kuandika kwamba dawa ni maziwa ya mama au chai ya rangi machoni. Jicho lililoumwa likitiwa vitu visivyo safi linaweza kupata maambukizi mengine. Hapo admini achukue hatua nne kwa mpangilio. Abonyeze meseji hiyo kwa muda na kuifuta kwa wote, kwani admini anaweza kufuta hata meseji ya mwingine. Afanye mapema, maana nafasi hiyo haidumu. Kisha afunge kuandika. Aweke tangazo fupi: usitie kitu jichoni, mpeleke mtoto kituo cha afya, nawa mikono kwa sabuni, asitumie taulo na wengine. Baada ya saa moja au asubuhi, afungue tena. Waliokwisha kusoma wamesoma, lakini hawataendelea kuisambaza bila kuona jibu.

Kama matangazo ya shule yanazama ndani ya mazungumzo, fungueni magrupu mawili. Moja la matangazo, ambalo mwalimu na admini pekee ndio wanaoandika. Jingine la mazungumzo. Yote mawili yawe na mlango uliofungwa.

Admini wawe wangapi

Mmoja hatoshi. Akihamisha mtoto na kuondoka kwenye grupu, WhatsApp humchagua mwanachama yeyote kuwa admini mpya, bila kuuliza mtu. Anaweza kuwa bibi asiyejua mipangilio, anaweza kuwa mgeni wetu wa Ijumaa. Kumi nao ni wengi mno, kwa sababu kila admini anaweza kuongeza watu na kurudisha mipangilio yote ilivyokuwa. Watatu wanatosha: mwalimu wa darasa, mwenyekiti wa wazazi na mweka hazina. Mzazi mmoja wao akihama shule, avuliwe u-admini siku hiyo hiyo na mwingine awekwe.

Wewe usiye admini nawe una mlango wako. Kwenye mipangilio ya WhatsApp ingia "Privacy", kisha "Groups", chagua "My contacts". Hapo mtu usiyemhifadhi hawezi kukuingiza kwenye grupu lake. Atalazimika kukutumia mwaliko, nawe utaamua.

Na hakuna mpangilio wowote unaomzuia mzazi aliye ndani kupiga picha skrini na kuituma nje. Ndiyo maana, hata mlango ukiwa umefungwa, jina la mtoto anayeumwa, wodi yake na majibu ya vipimo vyake visiwekwe kwenye grupu. Inatosha kuandika "mmoja wa watoto wetu amelazwa, mweka hazina atawapigia". Na kabla hujatuma hata senti, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti unayoijua.