Ukingoni mwa Meru

Kijana mmoja wa hapa Levolosi alitujia baada ya swala ya Isha akiwa na jambo lililomnyima usingizi. Yeye na wenzake walipanda Mlima Meru. Waliondoka kambi ya Saddle usiku wa manane, wakapita Rhino Point gizani, wala hawakuona chochote. Wakati wa kushuka jua lilikuwa limekwisha chomoza, ndipo alipoona kwamba kando ya njia ukuta wa kreta unaporomoka takriban mita 1,500. Ghafla akahisi kana kwamba miguu yake inataka kumtupa huko chini. Alirudi nyuma akaketi, akitetemeka. Tangu siku hiyo aliogopa kuwa moyoni mwake anatamani kujiua, na mama yake hakumwambia.

Hali hii imechunguzwa. Mwaka 2012 Jennifer Hames na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, walichapisha majibu ya wanafunzi 431. Miongoni mwa wale ambao hawakuwahi kamwe kufikiria kujiua, zaidi ya nusu walikwisha kuhisi msukumo huo.

Maelezo wanayoyapendekeza ni haya. Hofu ni nyepesi kuliko fikra. Jicho likiona shimo, mwili hurudi nyuma kabla akili haijapewa habari. Akili hufika baadaye na kuuliza: mbona nimeruka nyuma, ilhali mwamba ni imara na hakuna aliyenisukuma? Ikikosa jibu, hujitungia moja: bila shaka nilitaka kujitupa. Kwa hiyo kilichomrudisha kijana wetu nyuma huenda kilikuwa ni ile hamu ya kuishi, nayo akili ikaisoma kinyume. Haya hayajathibitishwa kikamilifu, kwani wanafunzi waliulizwa mambo waliyokumbuka tu. Lakini wale wanaotishwa upesi na mapigo ya moyo wao wenyewe ndio walioelekea zaidi kuusimulia msukumo huo, jambo linaloafikiana na maelezo hayo.

Wazee wetu wangeuita wasiwasi, na jina hilo halikosei sana.

Hata hivyo, waliowahi kufikiria kujiua nao waliuhisi, tena zaidi. Basi msukumo peke yake hauamui kitu, hutazamwa yanayouzunguka. Tulimuuliza kijana: je, wazo hilo hukufuata mpaka nyumbani? Huona kufa ni kupumzika? Umewahi kupanga namna au siku? Lau angekubali moja tu, tungefuatana naye asubuhi hiyo hiyo hadi hospitali ya mkoa ya Mount Meru, wala tusingemwacha peke yake usiku ule. Alijibu hapana kwa yote matatu. Wazo lilimjia pale ukingoni, likamtisha, likaondoka. Kilichobaki ni kuliogopa.

Tukamsindikiza kwao, akamweleza mama yake mbele yetu. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema naye alipatwa na hali hiyo hiyo zamani, juu ya daraja, akiwa na mimba yake.