Barua ya Kusafiri kwa Ndege Isiwe Mstari Mmoja na Muhuri

Mgonjwa wa moyo anayetaka kusafiri kwa ndege huenda kliniki kuomba barua, na mara nyingi hupewa barua yenye mstari mmoja: kwamba hali yake ni nzuri na anafaa kusafiri. Chini yake pana sahihi na muhuri. Barua hiyo hulitosheleza shirika la ndege, lakini haimsaidii mgonjwa. Haisemi ameze dawa ya asubuhi saa ngapi iwapo asubuhi hiyo itamkuta angani, wala haisemi afanye nini mguu mmoja ukivimba siku ya tano baada ya kufika. Hoja ya makala haya ni kwamba barua hiyo iwe matokeo ya mazungumzo kamili, yafanyike wiki 2 hadi 4 kabla ya safari, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo iwe juu ya dawa.

Ili hoja ieleweke, ichukuliwe safari moja ya mfano. Mama wa miaka 61, mkazi wa Dar es Salaam, aliugua homa ya baridi yabisi ya moyo utotoni, ikaharibu valvu ya kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini. Amewekewa valvu bandia ya chuma. Kila jioni saa 2 humeza wafarini ili damu isigande juu ya valvu hiyo. Kila asubuhi saa 1 humeza bisoprololi ya kutuliza mapigo, pamoja na furosemidi ya kutoa maji, ile ambayo wagonjwa wengi huijua kwa jina la lasiksi. Anakwenda Toronto, kupitia Addis Ababa, kumwona binti yake aliyejifungua.

Swali la kwanza ni hewa. Watu wengi hudhani kwamba ndani ya ndege hewa ni sawa na ya nyumbani. Sivyo. Ndege inaporuka juu sana, shinikizo la hewa ndani yake hushushwa hadi kulingana na la mahali palipo kati ya mita 1,500 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kiwango hicho cha juu ni karibu sawa na kukaa Addis Ababa kwenyewe. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila kwa kuwa shinikizo limepungua, kila pumzi huleta oksijeni kidogo, kana kwamba mtu wa Dar es Salaam anavuta hewa yenye oksijeni asilimia 15 tu. Mtu mwenye afya hafadhaiki, ingawa kipimo cha oksijeni cha kidoleni chaweza kushuka hadi asilimia 90 na kitu.

Kwa moyo mgonjwa, upungufu huo huleta mambo mawili. Mapigo huongezeka mwendo, na mishipa ya mapafu hujikaza, hivyo upande wa kulia wa moyo husukuma damu kwa taabu zaidi. Mgonjwa mwenye akiba ya nguvu hustahimili. Asiye nayo hupumua kwa shida. Akiba hiyo hupimwa kwa njia nyepesi hata katika kliniki isiyo na vifaa vingi: mgonjwa atembee mita 50 pahali tambarare, kisha apande ngazi za ghorofa moja. Akimaliza bila kuhema sana wala kuumwa kifua, kwa kawaida hatahitaji oksijeni ya ziada. Akishindwa, achunguzwe zaidi kabla ya kukata tiketi. Anayehema hata akiwa ameketi asisafiri mpaka hali yake itengemae.

Anayehitaji oksijeni hawezi kuingia na mtungi wake. Wala asitegemee barakoa zinazodondoka kutoka darini, kwa maana hizo ni za dharura ya ndege na hutoa oksijeni kwa dakika chache tu, hadi rubani ashuke chini. Shirika la ndege lijulishwe mapema, aghalabu saa 48 au zaidi kabla ya safari, kwa fomu ya kitabibu inayojazwa na daktari. Mama wa mfano huu alipanda ngazi vizuri, basi suala la hewa likaishia hapo.

Swali la pili ni damu kuganda miguuni. Misuli ya ndama za miguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu. Mtu akiketi saa nyingi, magoti yamekunjwa na ukingo wa kiti unabana nyuma ya goti, pampu hiyo hulala na damu hutuama. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa mwaka 2007, ulionesha kwamba safari ya kuketi kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo takribani mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, yapata mtu 1 kati ya 6,000. Kwa mwenye moyo uliochoka ambao husukuma damu polepole, huwa kubwa zaidi.

Mama huyu tayari anatumia wafarini, na wafarini iliyo katika kipimo sahihi humkinga pia dhidi ya bonge la mguuni. Kwa hiyo kinga yake bora si kidonge kipya bali ni kupima damu, kile kipimo kinachoandikwa INR, wiki moja kabla ya kuondoka, na tena ndani ya wiki moja baada ya kufika, kwa kuwa chakula kipya huweza kukibadilisha. Mgonjwa asiyetumia dawa ya namna hiyo asijitibu kwa aspirini akidhani inatosha. Atembee, akunje na kukunjua vifundo vya miguu, na daktari aamue kama anahitaji soksi za kubana zinazoishia chini ya goti. Soksi hizo hazimfai mwenye mishipa ya miguu iliyoziba.

Hapa pana ushauri mmoja unaotolewa kwa nia njema na ukadhuru: kunywa maji mengi sana ndani ya ndege. Mgonjwa aliyewekewa kikomo cha maji kwa sababu moyo wake umeshindwa kazi abaki na kikomo chake kilekile. Ajihadhari pia na chakula cha chumvi nyingi, kwani chumvi huzuia maji mwilini.

Swali la tatu, ambalo barua ya mstari mmoja hulisahau kabisa, ni dawa. Makosa ya kawaida ni mawili: dawa huwekwa katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, na furosemidi huachwa kwa kuogopa foleni ya choo. Sanduku likichelewa siku 3, mwenye valvu ya chuma hukaa siku 3 bila dawa yake ya kinga. Furosemidi ikiachwa siku 2, maji hurudi mapafuni taratibu, na mgonjwa huishia hospitali ya ugenini akidhani ni hewa ya ndege iliyomdhuru.

Mpango wa mama huyu uliandikwa hivi. Siku ya safari, ndege ikiondoka saa 11 jioni, anameza bisoprololi na furosemidi nyumbani saa 1 asubuhi kama kawaida. Furosemidi hufanya kazi kwa muda wa kama saa 6, hivyo mkojo wa mara kwa mara umekwisha kabla hajafika uwanjani. Saa 2 usiku yuko Addis Ababa, ambako saa ni ileile ya Dar es Salaam. Anameza wafarini hapo. Saa 5 usiku ndege ya pili inaondoka kwa safari ya saa 16. Saa yake ya mkononi haibadilishi. Ikifika saa 1 asubuhi ya nyumbani, angali angani, anameza bisoprololi na furosemidi. Kwa sababu hiyo alichagua kiti cha pembeni mwa njia, karibu na choo. Kila aendapo chooni miguu yake inapata mazoezi, na dawa iliyoogopwa inamsaidia dhidi ya bonge la damu.

Anatua saa 9 alasiri kwa saa ya nyumbani, ambayo kwa majira ya joto ni saa 2 asubuhi Toronto, kwa kuwa mji huo uko nyuma kwa saa 7. Sasa anabadilisha saa yake. Wafarini inayofuata anaimeza saa 2 usiku ya Toronto, saa 31 baada ya ile ya Addis Ababa. Wafarini hufanya kazi kwa siku kadhaa, hivyo kuchelewa mara moja kwa saa 7 hakumdhuru. Kitakachomdhuru ni kumeza mara mbili kwa wasiwasi. Dawa za asubuhi anaendelea nazo kesho yake saa 1 asubuhi ya huko.

Mpango huu usinakiliwe na kila mtu. Anayetumia apiksabani, kwa mfano, humeza kila baada ya saa 12, na dawa hiyo huisha mwilini upesi. Huyo afuate saa ya nyumbani kwanza, kisha asogeze kidogo kidogo siku zinazofuata. Wala mwenye valvu ya chuma asibadilishiwe wafarini kwa apiksabani eti kurahisisha safari, maana dawa hiyo haikingi valvu ya chuma ipasavyo.

Dawa zote zikae katika mkoba wa mkononi, chini ya kiti cha mbele, si katika kabati la juu. Ziwe za kutosha muda wote wa ziara na wiki 2 za ziada. Ziwe katika pakiti zake za asili: zile bahasha ndogo za duka la dawa, zilizoandikwa tu mara ngapi kwa siku, hazimwelezi kitu afisa wa forodha wala daktari wa ugenini. Barua itaje ugonjwa, aina ya valvu, kipimo cha mwisho cha INR, na kila dawa kwa jina lake la kitaalamu, kwa sababu majina ya biashara hutofautiana nchi na nchi.

Mwisho, barua iseme dalili za kuangaliwa katika wiki za mwanzo. Miguu yote miwili ikivimba, na uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, ni maji, na daktari aarifiwe siku hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa ndama, ni shaka ya bonge la damu. Mgonjwa aende hospitali mara moja. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikiuma, au mdomo na mkono wa upande mmoja vikilegea, gari la wagonjwa liitwe papo hapo.

Yote haya hujaa ukurasa mmoja na kuchukua nusu saa ya kliniki. Kliniki inayotoa muhuri ndiyo yenye wajibu wa kutoa nusu saa hiyo.