Koili haikosi nguvu, inakosa muda

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya koili. Walimu wa fizikia wataukumbuka mara moja ule mchoro wa mkondo unaopanda kwa kasi, kisha ukajipinda na kulala. Kwangu mimi mchoro huo unanuka petroli na ndizi.

Nilikuwa na pikapu, Peugeot 504 ya zamani ya petroli, nikibebea mikungu kutoka Muleba kwenda Bukoba. Sailensi ilikuwa nzuri, huwezi kuilaumu. Lakini nikiwa na mzigo, gia ya pili, injini ikilia kwa nguvu kupanda mlima baada ya Muhutwe, gari linamisi. Gereji ya kwanza ikanibadilishia koili. Gari likaendelea kumisi. Nikanunua koili ya tatu.

Hoja yangu katika toleo hili ni kwamba kosa lile la gereji ni kosa letu pia darasani. Tunafundisha mkondo utakaofikiwa mwishoni, tunasahau kuuliza kama koili imepewa muda wa kufika huko.

Tuchukue koili ya kuwashia ya kawaida ya magari yale: ukinzani omu 3, induktansi milihenri 9, betri volti 12. Pointi za distributa zikifunga, mkondo hauruki hadi ampea 4. Kila unapokua, koili inazalisha volti ya kuupinga, hivyo unakwenda hivi:

i = (V/R)(1 − e^(−Rt/L))

Gawanya L kwa R, unapata milisekunde 3. Katika muda huo mkondo unafika asilimia 63 tu ya ampea 4. Zikipita milisekunde 12 unafika asilimia 98, na kuanzia hapo koili haiongezi akiba yoyote. Kila wati inayoingia inageuka joto. Ndiyo maana ukiacha swichi imewashwa injini ikiwa imezima na pointi zimefunga, wati 48 zinaichemsha koili bure.

Akiba yenyewe hukaa kwenye usumaku, nayo ni ½LI². Kwa ampea 4 ni jouli 0.072. Ni kidogo mno, lakini cheche haidai zaidi ya hapo. Angalia ule mraba: mkondo ukipungua hadi asilimia 63, nishati inashuka hadi asilimia 40.

Sasa rudi mlimani. Injini ya silinda nne, ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, inahitaji cheche kila baada ya milisekunde 7.5. Pointi zangu zilikuwa zimeachwa wazi mno, kwa hiyo zilikuwa zinafunga kwa asilimia 40 tu ya muda huo, yaani milisekunde 3. Kwenye sailensi, mizunguko 1,000, asilimia hiyo hiyo ni milisekunde 12. Koili ile ile inajaa chini, inabaki na chini ya nusu juu, na ni juu huko, silinda zikiwa zimesheheni hewa na petroli, ndiko plagi inakodai volti kubwa zaidi. Kulisikiliza gari likiwa limesimama hakungemwonyesha fundi kitu.

Kushuka kwa mkondo nako kuna mambo yake. Kama mkondo una njia ya kuzungukia, unapungua taratibu kwa milisekunde zile zile tatu. Pointi zikifunguka njia inakatika, lakini akiba haiwezi kutoweka papo hapo. Volti ya waya mnene inapanda hadi mamia, ile ya waya mwembamba hadi maelfu mengi, na cheche inaruka kwenye plagi. Kondensa ndiyo inayoupokea mkondo wakati pointi zinaachana. Ikifa, cheche inaruka kwenye pointi zenyewe, unaiona ukifungua kifuniko cha distributa, na nyuso zake zinaungua haraka huku plagi ikipata makombo.

Zangu hazikuwa zimeungua. Fundi wa tatu, mzee mmoja wa Kemondo, aliingiza fila geji katikati ya pointi, ikapita bila kugusa popote. "Mwalimu, hizi zimeachana kama wagoni," akasema, akazibana hadi milimita 0.4. Muda wa kufunga ukarudi kwenye asilimia 60 hivi: milisekunde 4.5 kwenye mlima ule ule, mkondo asilimia 78, nishati asilimia 60. Mzigo ukapanda.

Magari ya leo yameiachia kompyuta ndogo kazi hiyo: inaanza kuijaza koili mapema kadiri mizunguko inavyoongezeka. Zile koili mbili za mwanzo bado ziko kwenye droo ya meza hii ninayoandikia. Nilizipima juzi kwa mita. Omu 3, zote mbili.