Wifi ya kulipia ikienda mrama, mwenye kuiuza afungue ruta kwanza

Kwenye siber na vibanda vya wifi vya Goma, Bukavu au Bunia, mteja akilalamika kwamba koneksyo ni pole, jibu huwa moja: ni antena, ni mvua, ni watu wengi. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Lakini kuna upole mwingine ambao hautoki angani. Unatoka ndani ya kile kisanduku chenye taa ndogo kilichopigiliwa ukutani, yaani ruta, pale ambapo mtu asiyejulikana amebadilisha namba mbili bila mwenyewe kujua. Wanaolipia upole huo ni wateja, na kati yao zimo familia zilizokimbia vita, ambazo hununua nusu saa ya wifi ili kuuliza kama ndugu fulani amefika Nyarugusu au bado yuko njiani.

Namba hizo mbili ndizo zinazoitwa DNS. Simu haijui tovuti kwa jina, inaijua kwa namba. Mtu akiandika jina la tovuti, simu huuliza kwanza seva ya DNS: huyu anakaa wapi? Seva hujibu kwa namba, kisha simu huenda huko. Ni kama mgeni anayefika kwenye kituo cha mabasi na kumwuliza kijana wa pale njia ya kwenda kwa shangazi yake. Kijana akiwa mwongo, mgeni atatembea kwa bidii zote na ataingia nyumba isiyo yake.

Kwa kawaida kila simu inayoingia kwenye wifi huelezwa na ruta ni seva gani ya kuuliza. Ndiyo maana wezi wanaipenda ruta kuliko simu. Wakibadilisha namba mahali pamoja, simu zote za kibandani zinafuata, hata ile mpya iliyotoka dukani asubuhi na haina virusi vyovyote. Na kuingia si kazi ngumu. Programu mbaya ikishaingia kwenye ordineta moja ya siber, inafungua ukurasa wa ruta yenyewe na kujaribu jina admin na neno la siri admin. Kijana aliyeweka ruta aliyaacha hivyo hivyo, eti akirudi kutengeneza asipate shida. Huo si uzembe mdogo. Ni sawa na kufunga duka kisha kuning'iniza ufunguo mlangoni.

Jambo hili lina historia yake. Kuanzia mwaka 2007, kundi moja la Estonia lilitumia programu iliyoitwa DNSChanger kuambukiza ordineta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, na programu hiyo ilijua pia kubadilisha ruta zenye neno la siri la kiwandani. Mtu aliyetaka tovuti ya iTunes alijikuta kwenye ukurasa wa watu wengine waliodai kuuza programu za Apple. Kundi hilo lilivuna dola milioni 14 au zaidi, nyingi zikiwa za matangazo, na lilizuia ordineta zisipate maboresho ya kinga, ili ugonjwa usitibiwe. Watu sita walikamatwa Novemba 2011. Hata hivyo seva zao hazikuzimwa siku ile ile, kwa sababu mamilioni ya watu wangebaki bila mtandao. Kwa amri ya mahakama ya Marekani, ziliwekwa seva safi za muda mahali pa zile za wezi, zikafanya kazi hadi tarehe 9 Julai 2012. Siku hiyo, wale ambao hawakuwa wamejisafisha waliona mtandao umekatika, ingawa waya na antena vilikuwa vizima.

Usidhani hayo yaliisha. Machi 2020, wakati watu walipokuwa wanatafuta habari za korona, ruta za aina ya Linksys na D-Link zilibadilishwa namba hizo hizo. Ukurasa ukajitokeza wenyewe ukidai kutoka Shirika la Afya Duniani, ukiomba mtu aweke programu ya kupata habari za ugonjwa. Aliyeiweka alikuwa ameingiza mwizi wa maneno ya siri. Mtu anaweza kufikiri mwenyewe ukurasa kama huo ungeandikwa nini mbele ya familia zinazosubiri orodha ya msaada.

Sasa chukua kibanda kimoja cha mfano: ruta moja, ordineta mbili za zamani, simu kumi za wateja. Dalili ya kwanza ni upole wa namna ya pekee. Ukurasa unakawia sekunde nyingi kabla ya kuanza kufunguka, lakini ukishaanza unakuja haraka. Simu ya WhatsApp inachelewa kuunganika, ikishaunganika sauti ni safi. Koneksyo iliyochoka kweli haifanyi hivyo, hiyo huwa pole mwanzo hadi mwisho, na sauti hukatika katikati. Sababu ni kwamba DNS huulizwa mwanzoni tu. Mara nyingine mwizi huweka seva yake kwenye nafasi ya kwanza na 8.8.8.8 ya Google kwenye nafasi ya pili. Seva yake ikilemewa au ikifa, simu huisubiri bure sekunde kadhaa, ndipo iulize ile ya pili. Mteja huona tu saa yake inakwisha.

Dalili ya pili: shida iko kwa simu zote zilizo kwenye wifi, na inaondoka mtu akizima wifi na kutumia mega zake mwenyewe. Kipimo hicho kinachukua dakika moja na hakihitaji fundi. Lakini simu moja ikiwa nzima kati ya kumi zinazosumbuka, hiyo haiondoi shaka. Simu za Android za miaka ya karibuni zina sehemu iitwayo DNS privé, na mwenye simu hiyo akiwa ameijaza, simu yake haiulizi tena seva inayotajwa na ruta.

Dalili ya tatu ndiyo nzito. Skrini inaandika «Votre connexion n'est pas privée». Maana yake ni kwamba kivinjari kimefika kwenye nyumba ambayo haiwezi kuonyesha cheti cha jina lililoombwa. Saa ya simu ikiwa imekosea tarehe, onyo hilo hutokea pia, basi tazama tarehe kwanza. Tarehe ikiwa sawa, na onyo likija kwa tovuti iliyofunguka vizuri jana, usiendelee. Kwa Facebook na Gmail, Chrome haitoi hata kitufe cha kuendelea. Kwa tovuti nyingine kitufe kipo chini ya «Paramètres avancés», na hapo ndipo mchunga siber mwenye haraka humwambia mama wa watu: bonyeza tu, mama, huwa inafanya hivyo. Maneno hayo yangetosha kumfukuzisha kazi.

Pesa za simu zinazotumwa kwa kuandika nyota na namba hazipiti kwenye wifi, kwa hiyo DNS ya kibanda haizigusi. Hatari iko kwa anayeandika namba yake ya siri kwenye ukurasa wa mtandao.

Dalili zikionekana, ukweli unatafutwa hivi. Kwenye ordineta ya Windows, fungua dirisha jeusi la amri na uandike:

```
ipconfig /all
```

Tafuta mstari wa «Serveurs DNS». Hapa wengi hudanganyika. Wanaona 192.168.1.1, wanasema hakuna kitu. Namba hiyo ni ya ruta yenyewe, ina maana tu kwamba ordineta inauliza ruta, nayo ruta inauliza nani? Basi andika namba iliyo kwenye mstari wa «Passerelle par défaut» juu ya kivinjari, uingie ndani ya ruta. Tazama sehemu mbili, kwa sababu mwizi anaweza kutumia yoyote: ile ya WAN au Internet, na ile ya DHCP. Kama hakuna mtu wa kibanda aliyewahi kuandika namba pale, DNS ya WAN inapaswa kuwa ya kujipatia yenyewe kutoka kwa anayeuza mtandao. Ukikuta imeandikwa kwa mkono namba ambayo si ya mwuza mtandao, wala si zile za wazi zinazojulikana kama 8.8.8.8, 1.1.1.1 au 9.9.9.9, umempata. Za DNSChanger zilikuwa kama 85.255.112.0 hadi 85.255.127.255, lakini kutegemea orodha ya zamani ni kosa, kwani wezi wa leo wana namba zao. Swali linalofaa ni moja: nani aliweka namba hii? Na kama neno la siri la ruta ambalo mwenyewe alilijua halikubali tena, hilo nalo ni jibu.

Kusafisha kuna mpangilio wake, na ukikosea mpangilio unarudia kazi. Kwanza andika kwenye karatasi jina na neno la siri ulilopewa na mwuza mtandao, kwa maana hatua inayofuata huyafuta. Chomoa waya unaoleta mtandao. Bonyeza kitundu cha Reset kwa sindano sekunde kama kumi, ruta ikiwa imewaka. Badilisha neno la siri la admin kabla ya kurudisha waya, funga ruhusa ya kuingia ruta kutoka nje, na uweke programu mpya ya ruta kama kiwanda bado kinaitoa. Kisha shughulikia zile ordineta mbili. Ile yenye programu mbaya ikiachwa, inaweza kuibadilisha ruta tena kabla ya jioni. Mwisho, simu zizime wifi na kuiwasha, ili zipewe namba mpya.

Kazi hiyo yote ni ya saa moja au mbili, na kibanda kinafungwa wakati huo. Wenye vibanda husema hawawezi kupoteza franga za saa mbili. Lakini saa hizo wateja wameshazipoteza, sekunde kumi kumi, kila ukurasa. Anayeuza wifi kwa saa anauza pia njia ambayo wifi hiyo inapitia, na mteja ana haki ya kumwomba aonyeshe ukurasa wa DNS kwenye skrini kabla ya kutoa pesa, kama anavyomwomba mwuza mchele aonyeshe kipimo. Viongozi wa kamati za familia zilizokimbia vita wanaweza kuanza wao: waombe kuonyeshwa namba hizo mbili, waziandike, warudi baada ya wiki kutazama kama ni zile zile.